Ami yangu maalim mstaafu anaota darasa tupu kila usiku, hii ndoto ina maana gani?

#1 Mtoto wa Bopwe
Assalam alaykum wadau. Nna suali linanikera na wenye ujuzi humu wapo.

Ami yangu yuko Pemba, upande wa Wete. Kasomesha skuli za msingi umri wake wote, hesabu na sayansi, na kastaafu 2020. Mzee mzima, hana maradhi isipokuwa presha. Sasa tokea imalizike Ramadhani hii iliyopita kila usiku anaota ndoto moja tu, haibadiliki. Anaingia darasani, darasa tupu. Madawati yamepangwa, madirisha yote wazi, ubao umefutwa mpaka mweusi titi, na yeye mkononi ana chaki. Anasimama pale mbele anatazama. Hafukuzwi na mtu, hakuna cha kutisha, lakini anakwambia anakuwa na haraka, kama kuna kitu lazima akifanye kabla watu hawajaingia na hakijui ni kitu gani. Basi anaamka, ni saa tisa usiku, anakwenda msalani, na usingizi haurudi tena mpaka alfajiri.

Mwanzo akicheka mwenyewe, sasa kanyong'onyea, mchana anasinzia barazani. Mkewe anasema ni wanafunzi wake waliokwisha kufa wanataka dua. Mie sijui. Nnaomba mawazo.

#2 Nahodha Mkavu
Mwambie ashukuru darasa tupu. Angeota darasa letu sisi la nane lilivyokuwa angeamka na presha mia mbili hahaha

#3 Mzaramo Halisi
Pole sana mkuu. Hapo tatizo ni mafao, nakwambia ukweli. Mzee wangu mimi alistaafu akawa haongei na mtu, kumbe kiinua mgongo kimekwama na anaona aibu kusema. Fuatilia makaratasi yake, barua ya ajira ya kwanza, barua za kupandishwa daraja, usikute kuna moja imepotea. Akilipwa atalala kama mtoto.

#4 Mtoto wa Bopwe
Namba 3 ahsante ila mafao kalipwa zamani, kaezekea nyumba. Suali langu ni ndoto.

#5 Abu Swabra
Waalaykum salaam. Katika mafunzo yetu ndoto ni namna tatu, na hadithi yake ni mashuhuri: ndoto njema ambayo ni bishara kutoka kwa Mola, ndoto ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na ile ambayo mtu anazungumza na nafsi yake, yaani yanayomshughulisha akiwa macho ndiyo yanamfuata usingizini. Ukiona ya kuchukiza unatema kidogo kushoto mara tatu, unaomba kinga, unageuza ubavu, wala humsimulii mtu. Hii ya ami yako mie naiona ni ya namna ya tatu. Hakuna kitisho ndani yake. Na kuhusu dua, kuwaombea waliokufa ni jambo zuri, afanye, lakini asifanye kwa kuwa ndoto imemdai.

Halafu ungemuuliza ruhusa kwanza kabla ya kuileta huku kwa watu.

#6 Mtoto wa Bopwe
Ruhusa kanipa, tena kasema "waulize hao wa mitandaoni maana wa hapa wote wameshindwa".

#7 Kibatari
Mie nna kitabu cha Ibn Sirin cha tafsiri ya ndoto nyumbani. Pahala pa kusomea pakiwa pahame inaashiria ilimu inaondoka, na huenda ikawa kifo cha mwanachuoni katika mji. Sisemi kumtisha lakini mzee ajiandae, atoe sadaka.

#8 Abu Swabra
Namba 7 taratibu. Ibn Sirin ni mtu wa kweli, aliishi Basra na alifariki mwaka 110 Hijria, lakini vile vitabu vinavyouzwa kwa jina lake wanazuoni wengi wanasema si yeye aliyeviandika, vimekusanywa baadaye sana. Na yeye mwenyewe inasimuliwa walimjia watu wawili, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utahiji, wa pili akamwambia utakatwa mkono kwa wizi. Akaulizwa vipi, ndoto si moja? Akasema nimewaangalia wao. Sasa wewe ami yake hujamuona hata sura umeshamchimbia kaburi.

#9 Kibatari
Sikusema atakufa yeye. Nimesema huenda.

#10 Bi Sitti wa Mwanakwerekwe
Jamani na mie nna yangu. Nimemaliza skuli miaka chungu nzima, nna wajukuu, na mpaka leo naota niko chumba cha mtihani, karatasi imegeuzwa, na somo lenyewe sijawahi kulisoma. Naamka moyo unanidunda. Na mtihani huo nilipasi! Ule nilioanguka siuoti hata siku moja. Huyo mzee nae pengine ndo hivo hivo, skuli haimtoki mtu.

#11 Makonyo
Nyie mnazunguka tu, mtu wa Pemba akikwambia darasa tupu jawabu ni moja, karafuu. Msimu ukikolea darasani unabaki wewe na nzi. Watoto wako shamba wanachuma, wadogo wanaokota za chini, usiku wanachambua makonyo, asubuhi mtoto anakuja vidole vyeusi anasinzia au haji kabisa. Zamani skuli zikifungwa makusudi kwa ajili ya karafuu. Maalim yoyote aliyesomesha huko kasimama mbele ya madawati matupu na chaki mkononi si mara moja. Mzee anaota msimu. Basi.

#12 Sista wa Zamu
Habari zenu. Mimi ni muuguzi, naomba kuuliza mambo mawili tu. Moja, dawa za presha anazokunywa ni zipi na anazinywa saa ngapi. Pili, ndoto imeanza baada ya Ramadhani, je, dawa zilibadilishwa saa wakati wa mfungo?

#13 Upepo wa Kusi
Mie nasomesha jiografia, na nna suali la kijinga. Madirisha wazi, sawa. Jua liko wapi? Linaingia upande gani? Kuna mwanga sakafuni au hakuna? Kama kuna dirisha linaonesha nje, anaona nini? Muulize bila ya kumtajia jawabu.

#14 Nahodha Mkavu
Namba 13 unataka kumpima mzee kwa dira ndani ya ndoto 😂😂

#15 Mtoto wa Bopwe
Nimempigia simu jana usiku tukazungumza sana.

Dawa: anakunywa mbili. Moja jina lake kalisahau, ni kidonge kidogo cheupe. Ya pili anaijua kwa kazi yake, ile ya kutoa maji mwilini, ukiinywa unakojoa. Alikuwa anazinywa asubuhi zote mbili. Ramadhani ilipoingia akahamishia usiku baada ya tarawehe, na mpaka Idi ikapita akaendelea hivo hivo usiku kwa sababu ndo kashazoea.

Kuhusu jua, nilimuuliza kama ulivyosema. Akanyamaza, kisha akasema jua halimo ndani. Hakuna hata kipande sakafuni, si upande wa mlango si upande wa madirisha. Lakini nje kweupe, kunaumiza macho. Na kwa dirishani anaona mlingoti wa bendera, na akasema kitu ambacho hajapata kunambia kabla, mlingoti hauna kivuli.

#16 Sista wa Zamu
Ahaa. Nitarudi nikitoka zamu, lakini dawa ya maji usiku ndiyo inayomwamsha saa tisa, hilo halina ubishi.

#17 Upepo wa Kusi
Subhanallah. Sikilizeni sasa.

Pemba iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na siku za mwanzo za Oktoba. Siku hizo mchana kati mlingoti ukiwa wima kivuli chake kinaingia chini yake wenyewe. Mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini, kwa hio dirisha la kaskazini linapata ukanda wa jua chini yake na mlingoti una kivuli kizuri tu upande wa kusini. Disemba kinyume chake. Asubuhi na jioni ndo kabisa, jua linaingia mpaka kati ya chumba. Kwa hio chumba chenye madirisha wazi na kisiwe na jua hata chembe, na nje mlingoti hauna kivuli, hio ni Machi au Oktoba, au siku chache kabla na baada. Wiki moja mbili kivuli kinakuwa cha shubiri tu, mtu hakioni.

Na saa pia inajulikana. Mchana kati wa Pemba hauko saa sita kamili, kwa sababu saa yetu tumeazima ya mashariki zaidi kuliko tulipo. Mwezi wa Machi ni kama saa sita na nusu. Yaani ni pale pale adhana ya adhuhuri.

Sasa muulize ami yako, saa sita na nusu mchana darasani alikuwa akifanya nini?

#18 Makonyo
OKTOBA! Nilisema mie. Oktoba karafuu ziko shambani miaka mingi. Nimeshinda, nileteeni chai.

#19 Mshumaa
Mie naona tunapelekana mbio. Ndoto si picha ya kamera. Ukimuamsha mtu ukamuuliza "jua liko wapi" akili inamtafutia jawabu hapo hapo, inaokota kumbukumbu yoyote ya darasa ikaibandika juu ya ndoto. Kwanini mlingoti hakuutaja mpaka alipoulizwa? Tena huyu mzee ni maalim wa sayansi, mlingoti usio kivuli huenda kausomesha mara kadhaa. Sikatai hesabu za namba 17, hesabu ni sahihi. Nnachosema ni kuwa zinapima kumbukumbu ya mzee, si ndoto yake.

#20 Upepo wa Kusi
Namba 19 hoja yako nzito na sina jawabu lake. Lakini kumbukumbu nayo ni ya mzee huyo huyo, haikutoka kwa jirani.

#21 Mzaramo Halisi
Wazanzibari mna mambo, mtu anaota ninyi mnapiga hesabu za jua. Ila nimeipenda.

#22 Sista wa Zamu
Nimerudi. Naeleza nijuavyo kwa kazi.

Kila mtu anaota kila usiku, mara kadhaa, na ndoto ndefu zenye picha nzuri huja zaidi nusu ya pili ya usiku kuelekea alfajiri. Nyingi tunazisahau kwa sababu tunaendelea kulala juu yake. Anayeamshwa katikati anatoka nayo mkononi. Mzee kibofu kinamuamsha saa tisa, wakati ambao ndoto ni nyingi, kwa hiyo kila siku anakamata ndoto ya saa ile. Inawezekana darasa hili anaota tangu 2020 na hakuwa akijua.

Na hicho kidonge cheupe kidogo, baadhi ya dawa za presha zinazotuliza mapigo ya moyo zinaweza kuleta ndoto kali au kukatiza usingizi. Sijui kama ndiyo yake, aangalie pakiti. LAKINI asiache dawa kwa kichwa chake, hasa hiyo, kuiacha ghafla ni hatari kwa moyo. Aende kituo chake awaulize kama ya maji inaweza kurudi asubuhi kama mwanzo. Hilo tu.

#23 Bi Sitti wa Mwanakwerekwe
Namba 22 Mungu akupe kheri. Na mie naamka usiku kwa sukari, ndo maana nakumbuka mtihani kila mara?

#24 Sista wa Zamu
Inawezekana bibi. Ila kama unaamka kukojoa mara nyingi kapime kwanza, ndoto baadaye.

#25 Kibatari
Kwa hio ndoto ni mkojo. Haya.

#26 Mtoto wa Bopwe
Wadau poleni kwa kukawia, nilikwenda Pemba mwenyewe wikiendi. Kaeni vizuri kuna maneno.

Dawa: alikwenda kituoni, wakamwambia ya maji arudishe asubuhi, na ile nyeupe wameiacha vile vile. Hio ilikuwa Jumatano.

Ijumaa baada ya sala nikamsomea maneno ya Upepo wa Kusi kwenye simu. Alikuwa anakula. Nilipofika kwenye "Machi au Oktoba" akanyanyua mkono niache kusoma. Akasema "Machi". Nikamwambia kuna mtu anasema Oktoba, karafuu. Akasema karafuu darasa haliwi tupu, wanabaki watoto wawili watatu wasio na mikarafuu kwao, na wao ndo wanaokutia uchungu. Hii ni Machi.

Basi akanihadithia. Skuli yao ilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana, chumba kimoja walimu wawili. Yeye miaka yake ya mwisho alikuwa mkondo wa mchana, darasa la tano. Wa asubuhi wakishatoka, wenziwe wanakwenda msikitini adhuhuri, yeye akibaki nyuma dakika chache. Anachukua dasta anafuta ubao wa mwenzake wote, kisha anaandika somo lake kutoka kwenye andalio, kichwa cha somo, tarehe, mifano, ili watoto wakiingia wakute ubao umejaa na wasipate muda wa kupiga kelele. Halafu ndo anakwenda kusali. Kasema darasa tupu kwa maalim mwengine ni huzuni, lakini kwake yeye ilikuwa ndo ofisi, kila siku ya kazi akiliona vile na hakupata kulifikiria.

Sasa Machi 2020. Alikuwa kwenye sehemu, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Siku hio mwisho wa kipindi akawapa ½ + ⅓ wafanye. Akapita dawatini, karibu darasa zima wameandika ⅖. Wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Kengele imeshakaribia. Angeweza kuwapa kanuni pale pale, tafuta asili ya pamoja, fanya hivi na hivi, lakini hakutaka. Akawaambia msifute, kesho nakuja na mkate nikuonesheni kwanini hii haiwezi kuwa.

Kesho yake kaja na mkate ndani ya mfuko. Kaingia darasani wa asubuhi wameshatoka, kafuta ubao, kachukua chaki. Pale pale kabla hajaandika hata tarehe mkuu wa skuli akachungulia mlangoni akamwambia maalim usiandike, mkondo wa mchana hakuna, skuli zimefungwa, korona. Akasimama pale. Kasema alisimama muda mrefu, kwa sababu hakujua mtu akiambiwa hivo anafanya nini, anarudisha chaki kwenye boksi au anaondoka nayo. Mkate wakala walimu ofisini.

Na kabla skuli hazijafunguliwa umri wake ukatimia. Barua ya kustaafu ikamkuta nyumbani. Lile darasa hakulisomesha tena, na kuaga hakuaga.

Akanambia hivi, nnanukuu: "Mie nikidhani nawatafuta watoto. Siwatafuti watoto. Natafuta cha kuandika. Ile haraka ni ya mtu ambaye saa inakwenda na ubao haujaandikwa."

Ngojeni, haijesha.

#27 Nahodha Mkavu
Mie ndo niliyeandika ⅖ na mpaka leo naona ni sawa

#28 Mtoto wa Bopwe
Naendelea. Jirani yake kuna kijana alikuwamo darasa lile, sasa hivi yuko kidato cha nne. Ami hakungoja, jioni ile ile kamtuma mtoto akamwite. Kijana kaja anaogopa anadhani kuna kosa. Ami akamuuliza nusu na theluthi jumla yake nini? Kijana bila ya kufikiri, "tano ya sita, maalim". Ami akashtuka. Kumbe skuli zilipofunguliwa wakapewa maalim mwengine akawasomesha, wamepasi, wameshasahau kama kuna mkate uliahidiwa. Nilimtazama mzee uso ulimshuka kidogo, kusema kweli. Yeye anakosa usingizi kwa deni ambalo mwengine keshalilipa.

Lakini hakukubali. Akamwambia sawa, na zamani mkiandika mbili ya tano, kwanini si sahihi? Kijana akasema kwa sababu lazima utafute asili ya pamoja. Ami akasema hio ni kanuni, mie nakuuliza kwanini. Kijana kimya. Ami akasema nieleze, mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Kijana akapiga hesabu kwa kidole, akasema nusu. "Basi ulianza na nusu, ukaongezewa kitu juu yake, ukaishia na pungufu ya nusu. Nani kakuibia?" Wallahi yule kijana alicheka akashika kichwa.

Hapo mzee akaagiza mkate wa ufuta, akaukata sita sawa sawa. Nusu akaweka vipande vitatu huku, theluthi vipande viwili kule. Akasema sasa vipande vyote vina ukubwa mmoja, ndo unaweza kuvihesabu pamoja, vitano, na vinatoka kwenye sita. Wale wa ⅖ wamehesabu kipande kikubwa na kipande kidogo kama kitu kimoja. Wajukuu walikuwa wameshakusanyika barazani, na vile vipande havikumaliza dakika mbili.

#29 Bi Sitti wa Mwanakwerekwe
Nimesoma mpaka machozi. Na mie nimeelewa sehemu leo uzeeni.

#30 Mzaramo Halisi
Mkuu hii ni stori kali. Shule nyingi sana zilifungwa ghafla namna hiyo, walimu wangapi waliacha vitu katikati. Ila swali, ndoto imekata?

#31 Mtoto wa Bopwe
Hapo ndo penye utata. Usiku ule wa Ijumaa kaiota. Kasema ni ile ile, ubao mtupu, ila haraka haikuwepo, kasimama tu. Jumamosi hakuota, au hakukumbuka. Toka hapo mpaka leo imekuja mara chache, si kila siku, na analala mpaka alfajiri siku nyengine. Yeye anasema imekwisha kwa sababu kaielewa.

#32 Sista wa Zamu
Nafurahi sana kwa mzee. Lakini dawa ilirudi asubuhi Jumatano na maelezo yamekuja Ijumaa. Haamki tena saa tisa, kwa hiyo hatoki na ndoto. Pengine bado anaiota vile vile.

#33 Mshumaa
Na hata kisa cha mlangoni, tujiulize. Kumbukumbu ya miaka mitano iliyopita, imeamshwa na mtu kumwambia "Machi". Angeambiwa Juni angepata kisa cha Juni, maalim wa miaka yote hio hakosi. Sisemi mzee muongo, hasha. Nasema kipo kimoja tu kinachonishawishi, ile haraka na chaki. Vyote viwili vilikuwemo tokea namba 1 kabla ya mtu yoyote kuuliza kitu, na kisa chake kinaeleza vyote viwili. Jua na mlingoti mie naviweka pembeni.

#34 Upepo wa Kusi
Umeniweka pembeni kwa adabu, nashukuru hahaha. Ila bila ya mlingoti asingekumbuka.

#35 Makonyo
Mie bado Oktoba. Mzee anawaficha. Ule msimu mkubwa wa karafuu kila maalim ana siri yake.

#36 Kibatari
Namba 8 na mie nilisema ilimu inaondoka. Maalim kastaafu, si ilimu hio imeondoka darasani? Kitabu hakikukosea.

#37 Abu Swabra
Kwa namna hio kitabu hakitokosea milele, kila kitu kitakaa humo. Mie nabaki na namna ya tatu, mazungumzo ya nafsi. Na hata dada muuguzi akiwa na haki kuhusu dawa, dawa imemuamsha tu, haikumuandikia ndoto. Kwanini darasa na si bahari, na mzee ni mtu wa Pemba kazungukwa na maji?

#38 Sista wa Zamu
Hilo nakubali. Kibofu hakina darasa.

#39 Mshumaa
Tunaweza kujua kama kweli imekwisha. Arudishe dawa usiku wiki moja, akiamka saa tisa tuone darasa lipo au halipo.

#40 Sista wa Zamu
USIJARIBU. Mtu hachezi na dawa za presha kwa ajili ya uzi. Mkitaka sana anywe maji glasi mbili kabla ya kulala, ataamka mwenyewe.

#41 Mtoto wa Bopwe
Nimemfikishia hilo la maji. Kasema "waambie mie nataka kulala, hao wanaotaka kujua wakanywe wao". Halafu kanikatia simu, ana watoto barazani. Siku hizi anasomesha baada ya alasiri bure, wajukuu na wa majirani, kanunua ubao mdogo dukani Wete na jana kaniomba nimtafutie vitabu vya hesabu darasa la tano, vya mtaala mpya. Mwenye navyo anijulishe, nitalipia na usafiri wa boti.

#42 Nahodha Mkavu
Mkate unagaiwa kila siku? Nauliza kwa ajili ya rafiki

#43 Bi Sitti wa Mwanakwerekwe
Vitabu mjukuu wangu anavyo viwili, njoo uvichukue. Na wewe Upepo wa Kusi hujanijibu mie, chumba changu cha mtihani kina madirisha yamefungwa na taa ya umeme inawaka. Mwezi gani huo?

#44 Upepo wa Kusi
Bibi hapo umenifungia na jua. Hao wasimamizi unawaona sura zao?

#45 Bi Sitti wa Mwanakwerekwe
Mmoja namuona. Ni mume wangu marehemu, na hakupata kuwa maalim hata siku moja.